Barua kwa alto na tenori: jinsi ya kujifunza sauti zenu mpya nyumbani

Wapendwa waimbaji wa alto na tenori,

Salamu kwenu. Karatasi za solfa za wimbo mpya kila mmoja ameshapata, na rekodi nimeziweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Soprano siwaandikii leo, kwa sababu wao wana melodi na melodi hujishikisha yenyewe. Mtu akiisikia mara tatu anaenda nayo hadi sokoni. Nyinyi wa katikati kazi yenu ni ngumu zaidi. Alto ikiimbwa peke yake haisikiki kama wimbo. Inakaa kwenye noti moja muda mrefu, inaruka ghafla, inarudi pale pale. Tenori nayo inapanda mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kwa hiyo anayejifunza kwa kusikiliza wimbo mzima akiwa anaosha vyombo, kitu kinachoingia kichwani ni soprano. Jumamosi anafika mazoezini, anaimba soprano kwa chini, na anaapa kwamba hiyo ndiyo alto.

Nimechukua mstari wa kwanza wa kiitikio peke yake. Una vipimo vinne na mapigo 16, na karibu kila kitu kitakachowasumbua kwenye wimbo mzima kimo humo. Mkiushika huu kwa njia nitakayoeleza, mistari mingine mtaifanya vivyo hivyo.

```
Kii G, mapigo 4

      A  :su |bu :hi | i  :me |fi :ka
Sop.  m  :m  |f  :m  | s  :f  |m  :r
Alto  d  :d  |d  :d  | m  :r  |d  :t,
Ten.  s  :s  |l  :s  | d' :t  |s  :s

      Na :si |so :te | tu :na |i    :mba
Sop.  m  :s  |l  :s  | m  :f  |r    :d
Alto  d  :d  |d  :t, | d  :d  |t,   :d
Ten.  s  :s  |fe :s  | s  :l  |s .f :m
```

Kwa wageni wetu waliojiunga mwezi huu: nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo, na mstari wima huja kila baada ya mapigo mawili, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapigo manne kina vipande viwili. Mkwaju mdogo uliokaa chini ya herufi, kama kwenye `t,`, unashusha noti hiyo hadi oktava ya chini, na ule wa juu, kama kwenye `d'`, unaipandisha. Nukta moja katikati ya pigo inaligawa nusu kwa nusu. Herufi `fe` ni fa iliyopandishwa nusu toni.

Jambo moja ambalo karatasi haisemi, na linawachanganya hata wa zamani: tenori huandikwa oktava moja juu ya pale inapoimbwa. Ni desturi ya solfa, ili karatasi isijae mikwaju. Kwa hiyo `d'` ya tenori na `d` ya alto ni sauti ile ile moja, ingawa zimeandikwa tofauti. Likumbukeni hilo, tutalitumia baadaye.

Kwanza tafuteni do

Usianze kuimba kwa do uliyoiokota hewani. Ukianza juu kidogo, tenori atashindwa kwenye kipimo cha pili na kulaumu koo lake. Ukianza chini, alto atazama kwenye `t,` na sauti itabaki hewa tupu. Pia ukijifunza kila siku kwa do tofauti, koo halijengi kumbukumbu ya mahali noti inapokaa, na kumbukumbu hiyo inasaidia sana.

Pakueni kinanda chochote cha bure kwenye simu. Angalieni vitufe vyeusi: vimepangwa viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena. G ni kitufe cheupe kilicho kati ya cheusi cha kwanza na cha pili katika lile kundi la vitatu. Ipo G moja juu ya C ya katikati na nyingine chini yake. Alto, do yenu ni ile ya juu. Tenori, do yenu ni ile ya chini, na kwenye vinanda vingi vya simu italazimu kusogeza vitufe upande wa kushoto ndipo muione. Mwanaume akibonyeza G ya juu na kudhani ndiyo do yake, mstari wote utakuwa oktava moja juu na hatafika popote.

Bonyeza G, sikiliza bila kuimba, kisha vuma kwa mdomo uliofungwa. Halafu imba polepole `d m s m d`, na mwisho `d t, d`. Sasa masikio yako yamo ndani ya kii. Hatua hii inachukua nusu dakika, na ndiyo watu wengi huiruka.

Maneno kabla ya noti

Weka karatasi ya noti pembeni. Tazama saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na useme maneno kwa sauti ya kawaida, silabi moja kwa kila sekunde: A–su–bu–hi, i–me–fi–ka, na–si so–te, tu–na–i–mba. Mstari mzima utachukua sekunde 16. Piga goti kwa kiganja kwenye kila sekunde, na uongeze nguvu kidogo kwenye pigo la kwanza na la tatu la kila kipimo. Utaona kwamba pigo la tatu linaangukia silabi yenye mkazo wa Kiswahili: asu*bu*hi, ime*fi*ka, *so*te, tuna*i*mba. Mtunzi alipanga hivyo makusudi. Ukisikia mkazo wako umeangukia kwingine, umekimbia au umechelewa pigo moja, na ni rahisi kulisahihisha sasa kuliko baada ya kuweka noti.

Tenori, silabi ya "i" katika "tunaimba" ina noti mbili ndani ya pigo moja. Hapo sema "i-i" ndani ya sekunde moja, nusu na nusu, huku alto na soprano wakisema "i" moja ndefu. Kosa la kawaida ni kuisogeza ile nusu ya pili hadi ikalie "mba", na hapo kwaya nzima inamaliza lakini tenori bado wako njiani.

Hatua hii inaweza kufanyika ndani ya matatu. Foleni ya Thika Road ya jioni inatosha kabisa, na hakuna atakayejua unafanya nini.

Alto: noti nne tu, na ndiyo shida

Hesabuni. Mstari wenu wote una noti nne: `t,`, `d`, `r` na `m`. Katika mapigo 16, do peke yake imeshika 11. Mtu akiiona anasema ni rahisi, na kwa kweli herufi zenyewe ni rahisi. Ugumu ni kuiacha do ibaki do.

Kwenye "Asubuhi" mnaimba `d` mara nne mfululizo. Sauti inayorudiwa hushuka kidogo kidogo bila mwimbaji kujua. Sababu ya kwanza ni pumzi: msukumo wa mwanzo unapungua na koo linalegea nao. Ya pili ni irabu. Mnaanza na "a" iliyo wazi, mnaingia "su" na "bu" ambazo zinafunga midomo, na wengi wakifunga midomo huiangusha noti pia. Kisha mnamaliza na "hi" iliyobana. Jaribio la kujipima ni hili: bonyeza G, imba "Asubuhi" polepole, ishikilie "hi", halafu bonyeza G tena wakati bado unaimba. Kama kinanda kinasikika juu yako, umeshuka.

Dawa yake si kuimba kwa nguvu. Imba kwanza `d d d d` kwa irabu moja tu, "a", ukifikiria kila do iko unywele mmoja juu ya iliyotangulia. Haitapanda kweli, itabaki pale pale, na hicho ndicho tunachotaka. Ikikaa vizuri, ingiza maneno, lakini kwenye "su" na "bu" acha nafasi ile ile ndani ya kinywa uliyokuwa nayo kwenye "a", midomo tu ndiyo isogee. Fanya mara tano, pima mara tano.

Kutoka "hi" kwenda "i" mnaruka kutoka `d` hadi `m`. Wengi hapa hubahatisha. Hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu noti hiyo imeshaimbwa karibu yako: soprano walipoimba "hi" walikuwa kwenye `m`. Mnachofanya ni kuokota noti waliyoiacha hivi punde. Chukua rekodi ya "soprano peke yake", iache icheze hadi "Asubuhi", isimamishe hapo, na uvume noti ya mwisho uliyoisikia. Hiyo ndiyo "i" yako ya "imefika". Ukishazoea, Jumamosi sikio litakupeleka lenyewe.

Kutoka hapo mnateremka `m r d t,` huku soprano wakiteremka `s f m r` juu yenu. Mwendo wenu unafanana kabisa na wao, kila mmoja akishuka hatua kwa pamoja. Ni pazuri kusikiliza na ni hatari kuimba, kwa kuwa jirani akiwa soprano mwenye sauti kubwa utajikuta umepanda juu yake bila kukusudia. Imbeni kwa solfa, si kwa maneno, hadi mweze kuiteremka ngazi hiyo huku soprano ya simu ikicheza.

Sasa hiyo `t,`. Inatokea mara tatu: kwenye "ka", kwenye "te" na kwenye "i" ya "tunaimba". Kutoka do hadi ti ya chini ni nusu toni tu, umbali mfupi kuliko wote ulio kwenye mstari wenu. Kwenye kinanda ni kitufe cheusi kinachogusana na G upande wa kushoto. Kwa sababu mnakuja mkishuka, mwili unataka kushuka hatua nzima, na ti inakaa chini mno. Kosa hilo halisikiki sana hapo hapo. Linasikika pigo linalofuata, mnaporudi do: mtarudi kwenye do ya chini kidogo, na mkifika mwisho wa mstari besi watakuwa wanaimba G, nanyi mko karibu na F kali. Imbeni `d t, d` mara kumi, na kila mara `t,` ijisikie kama inaivuta do, imeegemea juu. Wakufunzi wengi husema ti ni noti yenye njaa ya do. Huo msemo ni wa kweli, na ukiusikia hivyo utaiimba juu kiasi kinachotakiwa.

Tenori: mahali pawili pa kutulia

Kipimo cha kwanza hakina shida. `s s l s`, hatua moja juu na kurudi. Msikae sana hapo.

Shida ya kwanza iko kwenye "i" ya "imefika", `d'`. Ni G ya juu ya C ya katikati. Kwa tenori wengi wa kwaya hiyo ni noti ya juu lakini inafikika, ila inakuja kwa kuruka kutoka `s` na inakuja kwa irabu "i", ambayo hubana koo. Anayeisukuma huinua kidevu, shingo inasimama mishipa, na noti inatoka kali kisha inavunjika. Fanya hivi: imba ruko hilo kwanza kwa midomo inayotetemeka, "brrr", kama mtoto anayeiga gari. Ukiweza kuifikia kwa "brrr" bila kusukuma, koo linaweza. Kisha kwa "u" nyepesi. Mwisho kwa "i", lakini ndani ya kinywa ifikirie kama "u" iliyovaa "i". Sauti iwe nyembamba na iliyopanda kichwani. Haipaswi kuwa kubwa kama noti zenu za chini. Kwenye mchanganyiko huu soprano wako kwenye `s`, alto kwenye `m`, nyinyi mko chini ya alto tu, kwa hiyo kwaya haihitaji nguvu yenu hapo, inahitaji noti.

Na noti yenyewe mtaipata wapi? Hapa ndipo lile jambo la mikwaju linapofanya kazi. `d'` yenu ni sauti ile ile ambayo alto wameiimba mara nne kwenye "Asubuhi". Wao wanaiacha, nyinyi mnaingia. Kama alto wameokota noti ya soprano, nyinyi mnaokota noti ya alto. Sikilizeni rekodi ya "alto peke yake" hadi "hi", simamisheni, imbeni "i" juu ya noti hiyo hiyo.

Asiyeweza kabisa kuifikia asiimbe oktava ya chini. Huko chini kuna besi, wameshaishika `d` hiyo hiyo, na mkijazana nao katikati panabaki pengo linalosikika hadi viti vya nyuma. Afadhali unyamaze kwenye `d'` na `t`, uingie tena kwenye "fi". Wenzako wataibeba.

Shida ya pili ni `fe` kwenye "so" ya "sote". Mnakuja na `s s`, kisha `fe`, kisha `s`. Asilimia kubwa ya tenori watakaofanya mazoezi haraka wataimba `f` ya kawaida, kwa sababu koo linajua so-fa-so tangu shule ya Jumapili. Tofauti ni nusu toni, na inaharibu mstari. Kwenye kinanda, `s` yenu ni D, kitufe cheupe kilicho katikati ya vile vyeusi viwili, juu tu ya C ya katikati. `fe` ni kile cheusi kilicho kushoto mwake, na `f` ni C yenyewe. Bonyezeni D, cheusi, D. Kisha D, C, D. Sikilizeni hadi masikio yatofautishe bila kuangalia vidole.

Njia ya kuishika kooni ni hii. Imbeni `d' t d'`, ambayo kila mtu anaijua. Umbali wa `d' t d'` ni sawasawa na wa `s fe s`. Kwa hiyo imbeni `d' t d'` mara mbili, kisha bila kubadilisha noti mliyo nayo iiteni "so, fe, so". Noti ni ile ile, jina tu limebadilika. Halafu rudini kwenye G yenu, tafuteni `s` ya kweli, na mrudie mwendo huo hapo. Nimeona njia hii ikifaulu hata kwa watu wanaosema hawasikii nusu toni.

Onyo dogo. Mtakapoimba `fe` huku alto wameshika `d`, mtasikia sauti hizo mbili zinakwaruzana. Msikimbie. Mkwaruzo huo ndio uliotakiwa, na unaondoka pigo linalofuata, alto wanaposhuka `t,` nanyi mnapopanda `s`. Kama "so" inasikika laini na tamu, mtu mmoja kati yenu yuko kwenye `f`.

Mwisho wa mstari, `s .f` kisha `m`. Hiyo fa ni fa halisi sasa, si fe. Kwa kuwa mmetoka kuishughulikia fe, koo litataka kuirudia. Imbeni `s f m` peke yake mara kadhaa, na mfahamu kwamba `f` inaanguka kwenye `m` kwa nusu toni, laini kama kukaa kitini. Noti yenu ya mwisho ni `m`, siyo `d`. Tenori akimaliza kwa do kwa sababu wote wanamaliza kwa do, mwisho unakuwa mtupu, hauna furaha wala huzuni, kwa kuwa mi ni yenu peke yenu hapo.

Jengeni kutoka mwisho

Mkishashika vipimo kimoja kimoja, msiviunge kuanzia mwanzo. Anayeanza mwanzo kila mara hukijua kipimo cha kwanza vizuri kupita kiasi na cha nne hakijui. Imba kipimo cha nne mara tatu bila kosa. Kisha cha tatu na cha nne. Kisha cha pili hadi mwisho. Ndipo mwanzo hadi mwisho. Hivyo kila unavyosonga mbele unaelekea mahali unapopajua zaidi, na siku ya kuimba hofu inapungua kadiri wimbo unavyoendelea.

Kwanza solfa, kisha irabu tu, kisha maneno. Mwendo uwe wa sekunde moja kwa pigo hadi siku ya nne. Wimbo wenyewe tutauimba kwa mapigo 88 hivi kwa dakika, lakini anayekimbilia huko siku ya kwanza anajifunza makosa kwa kasi.

Kuimba dhidi ya rekodi

Rekodi ziko nne kwa kila sauti: yako peke yake, soprano peke yake, zote, na ile niliyoiita "bila alto" au "bila tenori". Nimezituma kama faili, si kama ujumbe wa sauti, ili zisipoteze ubora. Pakueni mkiwa kwenye waifai. Asiye na bando aje Jumamosi hii dakika kumi mapema nimtumie kwa bluetuthi.

Siku tatu za kwanza tumia "yako peke yake", tena kwa kusikiliza kipimo, kusimamisha, kuimba, kisha kusikiliza tena. Usiimbe juu yake muda wote. Ukiimba pamoja na rekodi ya sauti yako, unaifuata nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde bila kujua, unafikiri umejua kumbe umeshikwa mkono. Ikizimwa, unapotea.

Siku ya nne weka soprano. Vaa kipokea sauti sikio moja, sikio lingine liwe wazi usikie sauti yako. Anza na soprano ya chini kabisa, karibu haisikiki, uimbe sauti yako. Ukiweza mara tatu, ongeza kidogo. Ukifika mahali ambapo inakuvuta, usiizime. Rudi kwenye kipimo kilichokuvuta, kiimbe polepole peke yake, kisha urudi. Kwa alto mahali hapo karibu kila mara ni "imefika". Kwa tenori ni "nasi sote".

Siku ya tano na ya sita ni rekodi "bila" sauti yako. Hapa unajaza pengo mwenyewe.

Najua wengi wetu tunakaa fleti ambazo ukikohoa jirani anasema pole. Kuimba kwa kunong'ona si suluhisho, kwa sababu pumzi ikikosa nguvu noti inashuka, na utajifunza kila kitu chini kidogo. Afadhali kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, au "brrr", ambavyo vinahitaji pumzi kamili lakini havipenyi ukuta. Maneno kwa sauti kamili yaachieni saa za mchana, au jioni wakati kila nyumba ina televisheni. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Dakika 90 siku ya Ijumaa usiku hazitafanya kazi ya siku sita, na koo litaamka limechoka.

Kujipima kabla ya kuja

Siku ya sita jirekodi. Bonyeza G mara moja tu, imba mstari mzima bila kinanda na bila rekodi nyingine, kisha mara tu umalizapo, bonyeza noti unayotakiwa kumalizia: alto G, tenori B iliyo chini tu ya C ya katikati. Zote ziingie kwenye rekodi. Usijihukumu ukiwa unaimba, sikiliza baadaye. Kama kinanda kimesikika juu ya sauti yako, rudi utafute uliposhukia kwa kubonyeza mwisho wa kila kipimo: alto, mwisho wa kwanza ni G, wa pili na wa tatu ni kile cheusi kilicho kushoto mwa G. Tenori, vipimo vitatu vya kwanza vyote vinaishia D, kwa hiyo kwenu ni rahisi zaidi kukigundua kipimo kilichoteleza.

Nitumieni rekodi hiyo moja moja kwenye namba yangu, si kwenye kundi, kabla ya Ijumaa saa moja jioni. Andika jina, sauti yako, na kipimo unachoona bado kinakusumbua. Tenori wasioifikia `d'` waniandikie pia, nijue wangapi, maana kama ni zaidi ya nusu nitashusha kii hadi F na niwaambie soprano mapema.

Jumamosi tutaanza saa nane kamili, alto chumba cha nyuma na tenori ukumbini, dakika 20 kila kundi, kisha tutaunganisha. Karatasi mje nazo, na penseli, si kalamu.

Mwalimu wenu wa kwaya